Shukrani ya Wote kwa Kazi ya Mmoja

Anyisile, Mkinga wa Makete, alikuwa mchuna magome katika shamba la miwati, miti ambayo magome yake hutengenezea ngozi, nje ya Njombe. Siku moja ilinyesha mvua ya kung'oa ndevu za beberu, na asiyeamini na akawaulize mabeberu. Wachunaji wengine wote walikimbilia jikoni. Yeye peke yake alivuta maturubai akayafunika magome yaliyoanikwa, yasije yakaota ukungu.

Asubuhi, watu walipoitwa majina, nyapara Yoeli akasoma barua ya meneja: "Nawashukuru nyote kwa kazi njema."

Mchunaji mwenzake Filemoni, aliyeota moto jikoni mvua nzima, akapiga makofi kuliko wote.

"Mimi napanda lori la Makambako," alisema Anyisile. "Kazi ya hapa basi."

"Umesifiwa, wewe mtu!" akasema Yoeli. "Unataka upigiwe ngoma?"

"Nimesifiwa mimi au Filemoni? Maneno hayo hata punda wa meneja yanamtosha. Mvua ikirudi, nani atatoka jikoni, kama aliyelowa na aliyeota moto shukrani yao ni moja?"

Watu wakaguna. Yoeli akawatazama, akaona hakuna hata mmoja aliye upande wake.

"Anyisile alifunika magome bila kuambiwa," akasema huku ameuma meno. "Yote yamebaki makavu."

"Paza sauti," akasema Anyisile. "Filemoni hajasikia."

Yoeli akarudia, safari hii kwa ukali, neno kwa neno. Filemoni akainamisha kichwa.

 Anyisile aliwapita wote wawili, akaelekea kwenye miti, si kwenye lori.