Doh Aliyoipenda Mwalimu

Uvumilivu uliniisha pale mwalimu wetu wa kwaya, aliyeletwa Makambako kutoka Njombe mjini, alipowaambia akina mama wa sauti ya kwanza, "Anayeshindwa akanyonyeshe." Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni.

Wimbo ulikuwa wa kuimbwa na usharika mzima siku ya mavuno. Yeye kang'ang'ania doh, ile noti ya msingi wa wimbo, iwe G, kwa sababu hapo sauti yake ya tenor inang'aa. Sisi kwenye kiitikio tulilia kama kuku wanaokamatwa.

"Mwalimu, shusha doh iwe E," nikasema. "Noti ni zilezile."

"Mtunzi kaandika G, mama. Unamsahihisha?"

Mtunzi! Kwani alikuja hapa kwetu Lyamkena kutupima makoo? Nikamwambia mpiga kinanda abonyeze mara tatu kitufe cha kushusha sauti, kutoka G hadi E. Akabonyeza. Kiitikio kikatoka kizima, mpaka bibi wa kufagia kanisa akaitikia mlangoni. Mwalimu akazima kinanda, akanifukuza kwaya.

Jumatatu niliwapelekea wazee wa kanisa malalamiko niliyoyaandika mwenyewe: "Naomba nirudishwe kwaya, na nyimbo za usharika zishushwe hadi doh ambayo usharika unaifikia. Mwalimu akitaka G, aimbe peke yake."