Makala Niliyowatetea Walimu

Kompyuta kumi zilizotumika zililetwa na wafadhili, zikafunikwa vitambaa kama viti vya sebuleni, na siku hiyohiyo tetesi za walimu kupunguzwa kazi zikaanza. Miaka ile ya tisini kila mahali watu walipunguzwa, viwandani na maofisini, kwa hiyo hatukushangaa. Mwenye shule yetu ya sekondari pale Mwanza, mfanyabiashara wa pamba aliyegeukia elimu, hakutuficha. Hesabu za kidato cha kwanza tulifundisha wawili. Mashine zikiweza, alisema, mmoja atatosha.

Wawili hao tulikuwa mimi na mama mmoja aliyewahi kunifundisha shule ya msingi kule Magu. Nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi, halafu tunagawana chaki sawasawa.

Programu yenyewe haikuwa na maajabu. Inaeleza kanuni, inatoa mfano, kisha inauliza kama umeelewa. Ukibonyeza Y, yaani ndiyo, unasonga mbele, ukibonyeza N, hapana, inakupa mfano mwingine. Yanafuata maswali. Ukikosa inakuonyesha jibu sahihi, basi, mnaendelea. Mwisho inatoa orodha ya waliomaliza masomo. Mwezi wa kwanza orodha ilionyesha darasa zima limemaliza sehemu, desimali na asilimia. Mwenye shule akaibandika ubaoni kwa wazazi waione.

Yule mama aliitazama ile orodha, akaniambia twende darasani. Akaandika nusu kutoa theluthi. Watoto kimya. Akawauliza mlielewa kwenye mashine? Wote kwa pamoja: ndiyo, mwalimu.

"Unawaona?" akaniambia pembeni. "Hakuna mtoto wa huku atakayemwambia mwalimu hajaelewa. Ni sawa na kumwambia hajui kufundisha. Sasa mashine nayo wameifanya mwalimu, wanaijibu kwa adabu."

Alikuwa sahihi. Nilisimama nyuma ya madawati nikawaangalia: kidole kiko kwenye Y kabla maelezo hayajasomwa hata nusu. Yeye ndiye aliyenifundisha dawa yake. Usimuulize mtoto kama ameelewa. Mwambie amfundishe jirani yake, wewe tazama atakapokwama.

Nikaandika makala ya maoni, nikaipeleka gazetini. Nilisema mashine haitamfuta mwalimu, itambadilisha. Kusahihisha na kurudiarudia mazoezi tuiachie, haichoki wala haikasiriki. Mwalimu atoke ubaoni, apite kati ya madawati, amwone anayesema ameelewa na hajaelewa. Nikaeleza kisa cha Y na dawa ya jirani. Sikuandika vimetoka kwa nani. Nilijiambia gazeti lina nafasi ndogo.

Ilipotoka, mwenye shule aliniita ofisini. Gazeti lilikuwa mezani, amelipigia mistari kwa kalamu nyekundu.

"Umenifungua macho," akasema. "Nilidhani mashine inatosha. Kumbe inataka mwalimu wa aina nyingine. Hili la watoto kusema wameelewa, uligundua wewe?"

Nilijua anachouliza. Anayejua hilo ndiye atakayebaki. Neno moja tu la kumtaja yeye lingetosha, na sikuwa nimetishwa na mtu.

"Mimi," nikasema.

Akanipa chumba cha kompyuta. Sikufurahi wala sikuumia. Nilitoka nikaenda kunywa chai, nikakuta imepoa, nikainywa hivyohivyo. Wiki ile yule mama akapewa barua ya kupunguzwa.

Tangu hapo nimesema maneno yaleyale kwenye semina nyingi, na bado nayaamini. Kazi yetu ilibadilika kweli. Nilisahihisha kidogo, nikatazama nyuso sana. Watoto wakaanza kubonyeza N bila aibu, na desimali zikawaingia. Kila dakika ya kazi hiyo nilifanya alivyonifundisha yule mama.

Siku alipoondoka nilimsindikiza stendi ya magari ya Magu. Nilimbebea mfuko wa vitabu. Alikuwa ameikata ile makala, ameitia katikati ya Biblia.

"Umetutetea walimu," akasema. "Na lile neno langu la jirani umelieleza vizuri kuliko mimi."

Moyoni hamkuwa na kitu, ganzi tupu. Kondakta akapanga mizigo. Nikaona nikikaa kimya tena nitakaa hivyo mpaka kaburini.

"Mwalimu, mwenye shule aliniuliza ni nani aliyegundua. Nilimwambia ni mimi."

Akapokea mfuko wake, akaupakata. Akaangalia mizigo inavyofungwa kamba.

"Aa," akasema. "Mimi nilidhani anajua ni langu, akaamua tu kwamba nimezeeka."