Kona ya Mgeni Rasmi

Mwezi wa kumi na moja kule kwetu, upande wa Njinjo, jua halichomozi, linavamia. Mwaka ule lilivamia wakati kamati ya zahanati, ambayo mimi nilikuwa mwenyekiti wake kwa sababu siku ya uchaguzi nilikwenda chooni, ilikuwa na kazi moja tu: kumwaga zege la kifuniko cha tangi la chini. Tangi lilikuwa limeshachimbwa na kujengwa. Bila kifuniko, mvua za Desemba zingeleta matope, vyura na pengine mtoto wa mtu. Na bila maji ya tangi, kila mama aliyekwenda kujifungua alipaswa kufika na ndoo yake ya maji kichwani, uchungu ukiwa tumboni. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Kwa hiyo nilihesabu mifuko ya saruji mara mbili, nondo mara mbili, na siku zilizobaki nikazihesabu mara tatu, maana zilikuwa hazitoshi.

Mhandisi wa wilaya alinipa masharti kwa simu. "Mzee, zege likishapita nyuzi joto thelathini na mbili, usimwage. Linashika haraka, linapasuka, na mafundi wenu wataliongezea maji ili lilainike. Hapo ndipo mtaniharibia."

"Nitapimaje?"

"Kwa kipimajoto."

Kipimajoto cha zege kijijini hakuna. Kilichokuwepo ni cha nesi, kile cha kubana kwapani. Dada nesi alikitazama, akacheka. "Hiki kikikuta joto chini ya thelathini na mbili hakitoi namba. Kinaandika L na o, yaani joto liko chini."

Sikuwahi kufurahia kifaa kushindwa kazi kama siku ile. Kikishindwa, tunamwaga. Kikitoa namba, tunasimama. Tukakifunga kwenye mfuko wa nailoni, maana kingerudi kwapani kwa watu.

Mpango ulikuwa kumwaga alfajiri, mara tu baada ya swala. Lakini viongozi wakasema lazima awepo mgeni rasmi, naye amwage ndoo ya kwanza. Alfajiri tulikuwa tayari, kokoto zimelowanishwa chini ya makuti, maji yamelala mitungini. Saa mbili ikapita. Saa nne ikapita. Makuti yakaondolewa juu ya kokoto ili watu wapate kivuli cha kukaa. Mgeni alifika saa sita na nusu, akiwa na suti.

Fundi akachanganya mikokoteni miwili. Nikakichomeka kipimajoto. Thelathini na sita.

"Fundi, lina homa," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Simamisha."

"Mzee, mgeni ameshika ndoo."

"Aishike mpaka kesho."

"Mwambie wewe, ndiye mwenyekiti."

Sikumwambia. Hilo nalisema wazi. Nondo zilikuwa za moto kiasi kwamba mtu hawezi kuziwekea kidole. Mgeni akamwaga, makofi yakapigwa, fundi akasambaza ile mikokoteni miwili kwenye kona ya mashariki. Zege lilikuwa linakakamaa kwenye koleo lake. Nikamwona anachota kopo la maji na kulimiminia, macho yake yakiwa kwangu. Gari la mgeni likaondoka, nami nikasema tukwangue lile zege kabla halijashika.

"Tukwangue zege la mgeni?" akauliza mzee mmoja wa kamati. "Akisikia?"

Heshima ikashinda. Tukaliacha. Tukafunika kwa magunia mabichi, yakakauka kabla sijafika nyumbani.

Kesho yake alfajiri hakukuwa na suti. Kipimajoto kiliandika L na o kila mchanganyo, nasi tukamaliza kabla jua halijapanda paa la zahanati. Hata hivyo, upepo mkavu ukaja, na juu ya zege bichi ikatokea mistari myembamba kama ya kiganja. Fundi alilipiga kwa ubao, akasugua mistari ikafunga, tukafunika magunia yaliyolowa, kingoni tukayabana kwa mchanga wenye maji. Nikaona tumepona.

Siku ya tatu fundi alinikuta namwagilia. "Limeshakauka hilo. Unalilowesha la nini, utaliozesha."

Nikampigia mhandisi, nikaweka sauti ya juu. "Fundi, zege halikauki," mhandisi akasema. "Zege linashika. Saruji inakunywa maji siku saba mfululizo. Ukiinyima, juu inabaki unga. Na msinyweshe leo mkaacha kesho."

Siku saba. Ndoo kumi na mbili asubuhi, kumi na mbili adhuhuri, kumi na mbili jioni. Nikahesabu mara mbili, jibu lilikuwa lilelile. Siku ya nne kisima kikatoa tope. Wanawake waliokuwa wakitusaidia wakasimama na ndoo tupu, mmoja akaniuliza, bila dharau, "Mwenyekiti, maji tulinyweshe zege au tuwape watoto?" Nilikaa juu ya rundo la kokoto, nikaona magunia yanageuka rangi kutoka meusi kuwa ya kahawia, na nikahisi kama naangalia mgonjwa anayekata roho mbele ya dawa iliyoisha.

Maji yaliyobaki kijijini yalikuwa kwenye tangi la msikiti, ya kutawadhia, na hayo sikuthubutu kuyaomba. Nilipokuwa natawadha adhuhuri nikaangalia yanakokwenda: miguuni mwangu, kwenye mfereji, shimoni. Swala tano, watu wengi, maji safi bila sabuni, yote yanazikwa.

Nilimfuata shehe baada ya swala. "Shikamoo, shehe. Haya maji yaliyokwishatumika, mtu akiyakinga, kuna ubaya?"

"Marahaba. Ya kufanyia nini?"

"Kunywesha zege."

Akatazama mfereji. "Hayo hayamtawadhishi mtu tena. Lakini zege lako halisali, au linasali?"

"Likisali nitakujulisha."

Tukaweka mapipa mdomoni mwa mfereji. Kwa swala tano tulipata ndoo ishirini na tisa, saba pungufu. Majirani zetu Wakatoliki, familia moja iliyotoka Kipatimu, wakaleta maji waliyooshea mchele, na wakasema ile ni sadaka isiyohitaji kutawadha. Magunia yakarudi kuwa meusi. Tukafika siku ya saba tukiwa wachafu kuliko tangi.

Mhandisi akaja na pikipiki na nyundo ndogo. Akagonga katikati: mlio mkali, kama chuma. Akagonga kusini, magharibi: vilevile. Akafika kona ya mashariki. Mlio ulikuwa wa ndoo iliyopasuka. Akakwaruza kwa msumari, unga ukatoka.

"Hili limeungua. Na linaungana vibaya na la siku ya pili. Vunja lote, mwage upya."

Lote! Saruji ya lote haikuwepo, siku za lote hazikuwepo. Nikaanza kazi ninayoijua: kupatana kama sokoni.

"Gonga tena hapa, bwana mhandisi."

Akagonga. Mlio mzuri.

"Na hapa."

Mzuri.

"Basi hapa pana kosa gani? Kosa limeishia hapa."

"Limeishia huku." Akasogeza kidole.

"Huku pana mlio. Sikiliza." Tulisogea shubiri kwa shubiri, tukigonga, hadi akachora mstari wa chaki uliozunguka zege la mgeni na hatua moja zaidi ya usalama. Nondo zibaki, kingo zichongwe mpaka kokoto zionekane, na nguzo za mbao zinazolibeba kwa chini zisiguswe. Alfajiri tu, magunia hapohapo, siku saba zinaanza upya.

"Na mgeni akiuliza kona yake?" fundi akauliza.

"Mwambie tumeitibu homa," nikasema, na sikucheka, maana mashariki juu ya vilima wingu lilikuwa limeanza kujikusanya.

Tulianza kuvunja kabla mhandisi hajawasha pikipiki.