Mdomo Uliopakwa Zambarau

Ndinda, mzaliwa wa bara, alikuwa muuguzi wa zahanati moja huko Marereni, pwani, na miaka kumi na mmoja ya kazi ilimfunza kutouamini mdomo uliokwisha kupakwa dawa. Siku hiyo nyanya aitwaye Sidi alimleta mjukuu wake Kadzo, wa miaka minne, mdomo wote zambarau kwa dawa ya kupaka, shavu moja limevimba.

"Ni utando mweupe tu," alisema Sidi. "Niongezee dawa niende zangu."

Ndinda alimulika tochi, akapangusa ulimi na mashavu. Utando haukuwapo hata chembe. Basi shavu limevimbia nini? Akalivuta pembeni: gego lina tundu jeusi, na ufizi wa kando umetunga usaha. Alimpima joto, akamnywesha maji. Homa hakuna, na anameza vizuri.

"Nyanya, hili ni jipu la jino. Dawa ya kupaka haifiki huko. Nitakuandikia barua, umpeleke kwa daktari wa meno Malindi, leo hii."

Sidi alimkazia macho. "Nyinyi wa bara hamkawii kung'oa watu meno."

Ndinda alimpa tochi, akalivuta tena shavu la Kadzo. Sidi akainama, akalitazama gego kwa muda mrefu.

"Andika hiyo barua," alisema mwishowe. "Lakini huyo daktari nitamsimamia mimi mwenyewe."