Vidonge Sita vya Mama Wakio

Fanuel Mwandawiro alikuwa mtu wa kanuni. Kwa miaka kumi na minne aligeuza njia za treni pale stesheni ya Voi, na katika miaka hiyo yote hakuna behewa hata moja lililokwenda Taveta huku likitakiwa Mombasa. Kitabu cha kanuni za reli alikijua kuliko Biblia. Mchungaji wake aliwahi kumwambia hivyo usoni, naye hakubisha. Kanuni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: ishara mbili zikipingana, tii ile inayokuzuia zaidi. Moja ikisema nenda na nyingine ikasema ngoja, wewe ngoja. Kanuni hiyo imeokoa watu wengi kwenye reli. Nyumbani kwake, mwaka wa 1979, ilikaribia kumpotezea mke.

Tuanze na usingizi wake mwenyewe, maana huko ndiko alikopotelea. Kazi ya zamu ilikuwa imemvuruga. Wiki hii anaingia asubuhi, wiki ijayo jioni, na siku ya kupumzika analala macho kodo akihesabu mabati ya paa. Akaenda zahanati akamwona Alexander, mganga mwenye miwani mizito na maneno machache. Alexander alimwandikia vidonge vidogo vya duara: kimoja jioni, saa mbili kabla ya kulala, na asithubutu kukinywa ikiwa ana zamu ya usiku au ya alfajiri.

"Hii ni dawa gani, daktari?"

"Ya kukulaza. Fuata ilivyoandikwa."

Kidonge kilifanya kazi siku ile ile. Fanuel alilala fofofo, akaamka mdomo umekauka kidogo na kichwa kizito, uzito ambao haukumtoka mpaka saa nne asubuhi. Alifurahi, ila pia aliogopa. Kitu kidogo namna ile, kimoja tu, kumwangusha mtu mzima wa kilo themanini! Tangu siku hiyo akakiheshimu kile kidonge kama anavyoheshimu treni ya mizigo.

Mwezi wa nne surua ikamchukua mtoto wao mdogo, mvulana wa mwaka mmoja na nusu. Walimzika kwa kina Fanuel, juu Mbololo. Watu walilia, wakala, wakarudi makwao. Dinah, mkewe, hakurudi. Mwili wake ulikuwa kwenye nyumba za reli pale Voi, lakini mwenyewe hakuwepo. Alikaa kwenye kiti cha kamba karibu na mlango wa jikoni, mikono mapajani. Alikuwa akiamka alfajiri sana na hawezi kulala tena. Chakula kilimshinda. Wakio, binti yao wa miaka minane, akimwita alichelewa kugeuka, na akigeuka hasemi kitu. Mwanamke aliyekuwa akigombana na wauza nyanya soko zima likacheka, sasa akiletewa nyanya mbovu mlangoni anazipokea tu.

Jirani yao alikuwa Mwanaesha, mama wa Kiswahili ambaye mumewe alikuwa na duka la vitambaa. Ndiye aliyesema kwanza.

"Shemeji, msiba una siku zake. Huu si msiba tena, huu ni maradhi. Mpeleke hospitali."

Fanuel alimpeleka. Kila baada ya wiki sita daktari wa magonjwa ya akili alikuwa akitoka Mombasa kuja kuona wagonjwa, Daktari Jaffar, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Aliongea na Dinah muda mrefu, na Dinah akajibu maneno kama kumi. Kisha akaandika karatasi. Vidonge viwili kila jioni wiki ya kwanza, vitatu wiki ya pili, vinne wiki ya tatu, halafu sita. Vitolewe vya wiki mbili tu kwa wakati mmoja, na mume ndiye avitunze.

"Uwe na subira," alimwambia Fanuel. "Dawa hii haifanyi haraka."

Fanuel aliichukua karatasi mpaka dirisha la dawa la zahanati. Alexander akahesabu, akafunga, akampa. Alipofungua pakiti nyumbani, alishtuka. Vilikuwa vidonge vyake! Rangi ile ile, duara ile ile, na jina kwenye pakiti lilikuwa lile lile. Akaziweka pakiti mbili mezani, yake na ya mkewe. Yake ilisema kimoja. Ya mkewe ilikuwa ipande mpaka sita.

Alichanganyikiwa. Dawa ya kumlaza mtu, nayo haifanyi haraka? Yeye ilimwangusha siku hiyo hiyo! Na Dinah, aliyekonda akabaki mifupa, apewe mara sita ya kile kilichomlemea yeye? Bila shaka mtu alikosea kuandika. Alirudi kwa Alexander kesho yake, akakuta foleni mpaka nje, watoto wanalia kwa surua.

"Daktari, hivi vidonge vya Mama Wakio..."

"Mzee Fanuel, fuata ilivyoandikwa! Anayefuata!"

Sasa ilivyoandikwa ipi? Ziliandikwa mbili. Fanuel alitembea kwenye njia ya reli mpaka kwake, akili inazunguka, akafanya walivyomfundisha. Ishara mbili zinapingana: tii ile inayokuzuia zaidi. Jioni hiyo alimpa Dinah kidonge kimoja. Na jioni iliyofuata, kimoja. Vilivyobaki akavitia katika kopo la maziwa ya unga, akaliweka juu ya kabati, nyuma ya taa yake ya kazi. Mtu wa reli hatupi mali.

Dinah alilala! Fanuel karibu acheze. Alimwambia Mwanaesha dirishani kwamba mkewe amepona, analala mpaka jua linatoka. Mwanaesha akamtazama Dinah aliyekuwa palepale kwenye kiti cha kamba.

"Amelala, sawa. Mbona hajaamka?"

Swali hilo lilimfuata Fanuel mpaka stesheni. Wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Dinah analala vizuri, na akiamka anakuja kukaa pale pale. Hali kitu, haongei. Fanuel hakuelewa. Usingizi si ndio tiba? Watu wote si husema nenda kalale utaamka mzima? Kila baada ya wiki mbili alikwenda kuchukua pakiti mpya, anatoa kimoja kimoja, vingine anavitia koponi. Ilipofika wiki ya sita kopo lilikuwa limejaa kupita nusu. Wakati mwingine alilitazama akaona ni ushahidi wa busara yake. Wakati mwingine aliliogopa bila kujua kwa nini.

Walirudi kwa Daktari Jaffar. Daktari alimtazama Dinah, akakunja uso.

"Hakuna mabadiliko kabisa? Mdomo unakauka, mama?"

Dinah akatikisa kichwa.

"Choo kinafunga? Ukisimama unasikia kizunguzungu?"

Hapana, hapana. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema ni ajabu, vidonge sita kila jioni na mdomo haukauki. Kama kweli dawa imeshindwa, itabidi Mama Wakio apelekwe hospitali kubwa Nairobi, alazwe, pengine atibiwe kwa umeme. Wakio abaki na nani? Fanuel akamwomba daktari watoke nje.

Kwenye kibaraza akasema yote. Kimoja. Wiki sita. Kopo.

"Kopo liko wapi?" Daktari Jaffar aliuliza upesi.

"Juu ya kabati."

"Bwana Mwandawiro, unajua kwa nini nilisema vitolewe vya wiki mbili tu?" Sauti ya chini ilikuwa imeondoka. "Dawa hii ikinywewa nyingi kwa mpigo inasimamisha moyo. Na mgonjwa wa huzuni kama hii kuna siku anatamani kufa. Mimi nimemwekea uzio, wewe umembomolea."

Fanuel alimwona Dinah akilini, kiti cha kamba, nyumba tupu, yeye yuko stesheni anafuata kanuni. Akalia pale kibarazani, mtu mzima, mbele ya wagonjwa.

Daktari akamketisha, akaanza upya polepole. Dawa ni moja, hilo Fanuel hakukosea. Lakini kwa kiasi kidogo inafanya jambo moja tu: inaleta usingizi, na inauleta jioni ile ile. Hiyo ndiyo kazi aliyoitaka Alexander alipompa Fanuel kimoja. Ugonjwa wa Dinah hauguswi na kidonge kimoja, hata akinywa mwaka mzima. Unataka vitatu, vinne, pengine sita, na hata vikifika hivyo moyo huchukua wiki kadhaa kuinuka. Ndiyo maana huanza na viwili, mwili uzoee. Usingizi hutangulia, huzuni huondoka baadaye.

"Kwa hiyo nilitibu ugonjwa wangu, si wake," Fanuel alisema.

"Ulimpa dozi yako. Ndiyo, unaweza kusema hivyo."

Alikwenda nyumbani mbio, akarudi na kopo, akalikabidhi lote kwa Alexander. Alexander alifunua kifuniko, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema pole. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitamka neno hilo.

Wakaanza tena. Viwili, vitatu, vinne, sita. Pakiti ikawa ya wiki moja moja, na Fanuel akaibeba kwenye mfuko wa shati hata kazini. Wiki ya pili Dinah alilalamika kwamba mdomo umekauka kama unga. Fanuel akafurahi hata akaona aibu. Alimletea maji, akamletea maembe mabichi na chumvi. Wiki ya nne bado yuko kwenye kiti cha kamba, na Fanuel akachanganyikiwa tena, akatamani kuuliza, akajizuia. Alijaribu kuamini kitu asichokielewa, na kwa mtu kama yeye hiyo ni kazi ngumu kuliko kusukuma behewa.

Wiki ya saba alitoka zamu mchana akasikia kelele mlangoni. Dinah alikuwa amesimama na muuza nyanya, ameshika nyanya mbili mkononi.

"Hizi unauzia nani? Nguruwe? Zirudishe, utafute nyingine!"

Mwanaesha alikuwa dirishani kwake, mkono mdomoni, machozi yanatiririka. Fanuel alisimama kando ya ua asiweze kusogea.

Muuza nyanya alipokwenda, Dinah alikaa, si kwenye kiti cha kamba, ila kwenye ngazi, akamwonyesha mumewe nafasi kando yake.

"Baba Wakio, lile kopo la juu ya kabati ulilipeleka wapi?"

"Nililirudisha zahanati. Ulilijua?"

"Nilikuwa nalishusha kila ukienda kazini," Dinah alisema, akichambua nyanya mapajani. "Nalifungua, naviangalia. Siku ile uliyolichukua, asubuhi kabla hatujatoka, nilikuwa nimeshateka maji ya kuvinywea."

Fanuel alimshika mkono, na hakuna kanuni yoyote iliyomjia.