Dawa ya Kupe na Ng'ombe wa Wifi

Mpaka leo mtu akiniambia kazi fulani "haina kikomo cha kipato", damu inanichemka. Maneno hayo niliyasikia kwa mara ya kwanza Ganako, nje kidogo ya mji wa Karatu, sebuleni kwa kaka yangu mkubwa, Jumapili moja baada ya ibada, miaka ile bidhaa zilipoanza kurudi madukani.

Wakati huo nilikuwa nauza vitambaa katika duka la mzee mmoja Mwislamu mjini Karatu. Mshahara ulikuwa mdogo, ila mwisho wa mwezi ulifika. Kaka, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiniona kama mtu aliyepotea. Form four nzima, alikuwa akisema, unakata vitenge!

Siku hiyo alikuwa na mgeni kutoka Arusha, bwana mnene mwenye pikapu, aliyekuwa akitafuta watu wa kuuza dawa ya kupe huko Loliondo. Majosho mengi yalikuwa yamekauka, wafugaji walihitaji dawa. Katika kila shilingi kumi za mauzo, alisema, moja ni yako.

"Na mshahara?" niliuliza.

"Binti, mshahara ni kamba ya shingoni. Hapa unajilipa mwenyewe. Hakuna kikomo."

Kaka akacheka kwa furaha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta miaka mitatu, nilijua watu wananunuaje. Nikamuuliza nauli ya kwenda Loliondo analipa nani. Akasema mimi. Chakula na pa kulala? Mimi. Mfugaji akichukua dawa leo na kuahidi kulipa siku ya mnada, hiyo shilingi yangu naipata lini?

"Akilipa."

"Asipolipa?"

Bwana yule alimtazama kaka badala ya kunitazama mimi. "Mwalimu, dada yako ana maswali mengi."

"Ana woga," kaka akasema. "Atazoea."

Walikuwa wakinizungumzia kama mbuzi aliyeletwa gulioni. Nikauliza swali moja tu lililobaki: nani aliifanya kazi hii kabla yangu? Bwana akajinyoosha. Kulikuwa na mama mmoja pale Wasso, huko huko Loliondo, alisema, ameezeka nyumba kwa bati kwa kamisheni tupu.

"Nitaenda kumwona," nilisema.

"Ya nini? Mimi si nimekuambia?"

Nilimwomba ruhusa mzee wa duka. Alinipa bila kuuliza sana, ila alinikata mshahara wa siku nitakazokosa, na hilo nalo liliniudhi. Basi lilipanda ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano ya kale, kwenye ukungu, likashuka upande wa pili, likatutikisa kutwa nzima katika vumbi. Kila liliposimama nilikuwa nikihesabu kichwani. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, kitanda: ningetakiwa kuuza karibu katoni nzima ya dawa ndipo nirudi nilipokuwa kabla sijatoka nyumbani. Na safari moja haitoshi, kwa kuwa kuna ya kuuza na kuna ya kufuata madeni.

Nililala kwa binamu yangu, muuguzi wa hospitali ya Wasso. Asubuhi akanionyesha yule mama. Alikuwa akipika chapati karibu na lango la hospitali. Nilipotaja dawa ya kupe, aliweka mwiko chini.

"Amekutuma kunidai?"

"Hapana, mama. Ananitaka nifanye kazi hiyo."

"Basi umekuja kunicheka."

"Shikamoo, mama," nilisema, maana nilikuwa nimesahau hata kumwamkia, kwa haraka. Hilo lilimlainisha kidogo. Aliniwekea chai, akaongea huku anageuza chapati bila kunitazama. Bati, alisema, zilinunuliwa na mume wake, dereva wa serikali. Mwezi wa kwanza aliuza vizuri sana, kwa sababu aliwauzia shemeji zake na majirani. Mwezi wa pili watu hao hao walikuwa bado wana dawa. Ikabidi aende mbali kwa miguu. Mvua zikaja, pikapu ya mzigo haikupita. Kisha ukaja ukame, mifugo ikakonda, bei mnadani ikaanguka, na kila aliyekopa akamwambia angoje.

"Na madeni yale?"

"Yakaandikwa juu yangu. Na makopo yaliyotoboka njiani, juu yangu. Hebu niambie wewe uliyesoma, hiyo ni kazi au ni mkopo?"

Nilikunywa chai yangu, nikalipa, akakataa hela, nikaziacha kwenye benchi.

Nilirudi Karatu nimejaa vumbi na hasira, na Jumapili iliyofuata nikaenda Ganako. Bwana wa Arusha alikuwa amekaa kiti kile kile. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa anamimina chai.

Sikukataa kazi. Watu husahau hilo wanapoisimulia habari hii. Nilisema nitaifanya kama atanilipia nauli na chakula miezi mitatu ya kwanza, mpaka niwe na wateja. Kama dawa isiyouzika ataichukua tena yeye. Na kama mteja asipolipa, hasara ni ya mwenye dawa, mimi nikose kamisheni tu. Na yote hayo yaandikwe.

"Hiyo ni kazi ya mshahara," alisema bwana. "Sijui mwalimu amekueleza nini."

"Wewe ulisema tunashirikiana. Mbona faida tunagawana na hasara naibeba peke yangu?"

"Kuna dhamana! Hutabeba peke yako. Mwalimu ameshatia saini ng'ombe wake wawili."

Birika lilitua mezani kwa kishindo. Wifi alimgeukia kaka.

"Ng'ombe gani?"

Kaka alikohoa. "Ni utaratibu tu. Mzigo unatolewa kwa dhamana."

"Ng'ombe gani, baba? Wale ninaowakamua mimi? Wanaolisha watoto wako wakati mshahara wako umechelewa?"

Kaka alikuwa ametusaini sote bila kutuuliza, mimi pamoja na maziwa ya watoto, halafu akaniita mwoga. Nilimwambia hivyo, kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, ili mgeni asisikie, kisha nikarudia kwa Kiswahili, ili asikie. Wifi alinyoosha mkono mbele ya mgeni na kuuacha hapo, wazi, mpaka bwana yule alipoitoa mfukoni karatasi ya dhamana na kumkabidhi. Akaondoka na pikapu yake bila kumaliza chai.

Kazi aliichukua kijana mmoja wa Loliondo kwenyewe, aliyekuwa na ng'ombe wake na ndugu kila boma. Aliishi huko huko, hakuhitaji nauli, na alijua nani hulipa na nani hukimbia. Nasikia hakutajirika, ila ilimfaa. Kaka aliitumia habari hiyo kama fimbo. Unaona, alikuwa akiwaambia watu, kazi ilikuwa nzuri, mtu ndiye alikosa moyo. Hakuna aliyemuuliza kaka kijana yule angekuwa wapi kama angekuwa mimi, mwenye safari ya basi na asiye na hata mbuzi mmoja.

Msimu ule wote kaka hakunisemesha. Alikuja dukani mara moja kununua kitambaa cha sare za watoto. Nilikuwa nimesimama mbele yake na futi mkononi. Akanipita kwa macho, akamwita mzee wa duka kutoka nyuma, akamwomba ampimie yeye.