Kipande cha Kumi na Tatu

Mama yangu aliuza sabuni kwenye dirisha la nyumba yetu, mtaani Kasha. Duka lake lilikuwa dirisha hilo tu, lenye ubao mbele, na juu ya ubao chumvi ya kupima kwa kopo, mafuta ya mawese, viberiti na sabuni ya kufulia. Baba alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Dirisha ndilo lililotulisha, na ndilo lililomwezesha Mama kusema kwamba halimi shamba la mtu.

Kila Alhamisi alishuka kwa miguu hadi soko la Kadutu na kurudi na dazani moja ya sabuni ndani ya kitenge. Dazani ile iliisha Jumatano. Alhamisi alishuka tena.

Mwaka huo nilirudi nyumbani kwa sababu chuo kilikuwa kimefungwa na hakuna aliyejua kitafunguliwa lini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuamini kitu chochote ambacho hakijathibitishwa. Nilimuuliza padri maswali hadi akaacha kupita kwetu. Nilipokosa wa kumuuliza, nikaanza na sabuni.

“Maman, juu ya nini unauzaka dazani-dazani?”

“Juu tangu zamani ninauzaka vile.”

“Hiyo si jibu.”

“Basi enda uulize padri,” akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Nilimfuata Kadutu Alhamisi iliyofuata. Mama wa depo, mwenye duka la jumla aliyemuuzia sabuni tangu mimi ni mtoto wa kubebwa, aliuza kwa dazani na kwa katoni. Katoni ilikuwa na vipande arobaini na nane, yaani dazani nne, lakini bei yake ilikuwa sawa na ya vipande arobaini na vitano. Nikaona vipande vitatu vya bure vimekaa pale miaka yote na Mama anavipita. Juu ya hilo, bei ya kila kitu ilikuwa inapanda. Anayenunua nyingi leo, nilimwambia njiani, ananunua kwa bei ya leo sabuni ya mwezi ujao. Na miguu yake ingepumzika Alhamisi tatu kati ya nne.

“Unasema kama radio,” akasema.

Lakini alinisikiliza. Sasa najua kwa nini: mimi ndiye mtoto aliyesomeshwa na dirisha lile, na kama maneno yangu yalikuwa ya bure, basi hata sabuni zote zile alizouza zilikuwa za bure.

Ili tununue katoni, alichukua pesa ya chumvi na ya mafuta pia. Mama wa depo alitutazama sote wawili.

“Leo katoni? Mumekuwa wakubwa, maman. Lakini unajua, katoni haina matabishi.”

“Tunajua,” nikajibu mimi, kwa haraka. Matabishi, ile nyongeza anayopewa mnunuzi ili arudi, niliiona jambo la akina mama kubembelezana sokoni. Katoni nikaibeba kichwani, mchana kweupe, na Kasha nzima ikatuona tukipita.

Wiki ya kwanza sabuni ilikwenda vizuri. Wiki ya pili chumvi ikaisha. Aliyekuja kutafuta chumvi hakuikuta, akaenda dirisha la chini karibu na kisima, na akiwa huko akachukua na sabuni. Mafuta nayo yakaisha. Watu walipungua. Mama alikaa nyuma ya ubao na sabuni zake zimepangwa kama matofali, na ile pesa ya kipande kimoja-kimoja iliingia, ikatoka kwa mboga, haikukaa hata siku moja ili iwe chumvi.

Wiki ya tatu bei ya sabuni ikapanda sokoni, kama nilivyosema. Nilifurahi. Nilimwambia Mama naye apandishe. Jirani wetu wa kwanza kuja siku ile alishika kipande mkononi, akakipima, akacheka.

“Maman, hii si ile sabuni ya katoni? Tuliiona inapita juu ya kichwa cha citoyen profesa!” Citoyen, mwananchi, ndivyo watu walivyoitana wakati ule; profesa nilikuwa mimi.

“Ni ile,” akasema Mama.

“Basi bei ya mupya ni ya sabuni ya mupya. Hii ni ya mwezi ya nyuma. Uniuzie ya mwezi ya nyuma.”

Nilitoka ndani nikaanza kueleza. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, mkono kiunoni.

“Mutoto, weye uko na akili mingi,” akasema. “Lakini sabuni iko moja.”

Mama akamuuzia kwa bei ya zamani, na waliofuata pia. Kwa dazani hakuna aliyewahi kumbishia: walimwona ameshuka Alhamisi, walijua amenunua kwa bei ya Alhamisi. Katoni ilikuwa imetoa ushahidi dhidi yake.

Ilipobaki kidogo, nilihesabu na nikaona vipande vinne havipo na pesa yake haipo. Nilimwendea Mama na hasira ya mtu aliyepata hatimaye wa kumlaumu.

“Nani anakamata sabuni?”

“Miye.”

“Unapeleka wapi?”

“Tunafua, mutoto yangu. Shati unavaa, nilifua na nini?”

“Na mbele ya kununua katoni, tulifuaka na nini?”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile nimemuuliza maji ya kunywa yanatoka wapi.

“Na matabishi. Kila dazani mama wa depo alinipatiaka kimoja juu. Kumi na mbili za kuuza, moja ya kufua.”

Sikuhitaji daftari. Dazani nne, matabishi manne. Katoni ilitupunguzia bei ya vipande vitatu, dazani nne zilituletea vinne. Miaka yote ile nilivaa nguo safi na sikuwahi kujiuliza sabuni ya nyumbani ilitoka wapi, mimi niliyeuliza Mungu anatoka wapi.

“Juu ya nini haukuniambia?”

“Ulisema unajua.”

Hakusema kwa ukali. Nadhani kwa ukali ingekuwa rahisi kwangu.

Pesa iliyobaki haikutosha katoni, na kwa bei mpya haikutosha hata dazani pamoja na chumvi. Tulishuka Kadutu kujaribu. Mama wa depo angeweza kumkopesha, lakini Mama hakumwomba. Aliuliza bei, akashukuru, akageuka. Njia nzima ya kurudi, kitenge kilining'inia begani mwake kikiwa kitupu.

Wiki iliyofuata aliondoa ubao na kufunga dirisha kwa ndani. Dada yake aliyeolewa upande wa Walungu alimtafutia kazi ya kulima mashamba ya watu huko, kwa siku. Kabla hajaondoka, nilipata habari kwamba chuo kinafunguliwa, kwa hiyo tulifunga mizigo siku moja, kila mtu kona yake. Nilitaka kusema jambo. Nilikuwa na maneno mengi kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Yeye ndiye aliyekuja. Kipande cha mwisho cha katoni kilikuwa kimekauka, kimejikunja na kuwa chepesi. Akakisukuma kati ya vitabu vyangu.

“Kamata. Matabishi yako.”

Nilitaka kumwambia kwamba matabishi hupewa aliyenunua kitu. Nikafunga mzigo juu yake, na kwa mara ya kwanza mwaka huo sikuuliza kitu.

Sabuni kavu haiishi upesi. Ile nilifulia muhula mzima.